Barua pepe ya pongezi: kusahihisha tahajia tu, kuiandika upya kiofisi, au kuinyoosha kwa sikio?

Kijana wa dawati la pili alinigeuzia skrini akaniomba nimpitishie macho barua pepe yake kabla hajaituma. Dada yetu wa uhasibu amepandishwa cheo na kuhamishiwa Lindi. Hapa nitamwita Somoe, kwa kuwa jina hilo halikosekani mtaani kwetu Mtwara na halitamtambulisha mtu. Kijana alikuwa na wasiwasi wa namna mbili. Aliogopa barua iende na makosa, Somoe aisome akiwa kwenye kiti kipya na kumwona mtu asiyejua kuandika. Lakini pia aliogopa kumpa mtu aisahihishe halafu irudi ikiwa imepigwa pasi mpaka haifanani na yeye.

Barua yenyewe ilikuwa hivi, neno kwa neno:

> HONGERA!!!!
>
> Dada Somoe habari za saizi, nimepata habari ya kupandishwa kwako cheo kuwa mkuu wa kitengo cha uhasibu hapo Lindi, nimefurai sana kwakweli. Pongezi yangu ya zati ikufikie popote ulipo. Naikumbuka ile siku ya msimu juzi umeme ulikatika tukahesabu stakabadhi kwa tochi ya simu mpaka saa nne usiku, wewe ndio ulikuwa unatupa moyo sisi wengine tumeshachoka, ukasema hesabu aiogopwi inaogopa yenyewe. Apo ndipo nilijua utafika mbali. Mungu akuongoze katika majukumu yako mapya na usitusahau sisi wa Mtwara na ming'oko yetu. Msalimie shemeji na watoto.

Ofisini kuna watu watatu ambao huombwa kazi ya namna hii, na kila mmoja ana njia yake. Wa kwanza husahihisha tahajia na sarufi, haongezi wala hapunguzi. Wa pili huiandika upya kwa sura ya barua ya ofisi. Wa tatu huisoma kwa sauti, akanyoosha pale ulimi unapokwama, maneno ya mwenyewe yakabaki. Barua hii ilipita mikononi mwa wote watatu, kwa hiyo ninaweza kuzilinganisha njia hizo juu ya kazi moja.

Nimezipima kwa maswali manne. Je, makosa yanayomkwamisha msomaji yameondoka? Je, Somoe akisoma atasikia sauti ya kijana yule au ya mtu mwingine? Je, heshima inalingana na cheo kipya na watu watakaoiona barua? Na mwisho, kazi inachukua muda gani?

Njia ya kwanza: kusahihisha tahajia na sarufi tu

Kwanza tuyatazame makosa yenyewe, maana hayakutokea ovyo. "Nimefurai", "aiogopwi" na "apo" yote yamepoteza herufi moja, h. Wengi wetu hatuitamki h kwa nguvu tunapozungumza haraka, na mkono huandika kile sikio linachosikia. "Zati" badala ya "dhati" ni jambo hilohilo: sauti ya dh ilikuja na maneno ya Kiarabu, na lugha zetu nyingi za nyumbani hazina sauti hiyo, hivyo ulimi huifanya z.

Sasa angalia jambo lililonichekesha. Kijana huyohuyo ameandika "stakabadhi" bila kosa, dh mahali pake. Kwa nini? Kwa sababu neno hilo analiona limechapwa kwenye karatasi kila siku ya msimu, tangu vijiji vianze kupeleka korosho ghalani hadi mnada wa mwisho. "Dhati" hajaliona mara nyingi, amelisikia tu, kwenye hotuba na redioni. Ukitaka kujua wapi utakosea tahajia, tafuta maneno uliyoyajua kwa sikio kabla ya kuyaona kwa macho.

Baada ya hapo kuna maneno yaliyogandishwa: "kwakweli" ni "kwa kweli", kama vile "kwaajili" ilivyo "kwa ajili". "Saizi" ni "saa hizi" iliyopigwa mkato na mdomo. "Msimu juzi" inahitaji "wa" katikati: "msimu wa juzi".

Kisha kuna sarufi. "Wewe ndio ulikuwa" inakuwa "wewe ndiye uliyekuwa", kwa sababu "ndiye" ndilo la mtu, nalo huvuta kirejeshi nyuma yake. Vivyo hivyo "apo ndipo nilijua" inakuwa "hapo ndipo nilipojua". "Pongezi yangu" si kosa la kumfungia mtu mlango, kwa maana neno hilo laweza kuwa umoja, ila mazoea ya wasomaji ni "pongezi zangu za dhati zikufikie", na ukibadilisha moja lazima zote tatu zifuatane. Hapa ndipo msahihishaji mwenye haraka hukwama: anaandika "pongezi zangu ya dhati ikufikie", na kosa dogo limezaa mawili.

Mistari myekundu ya kompyuta haisaidii sana. Ikiwa lugha ya ukaguzi ni Kiingereza, itapigia mstari kila neno la Kiswahili, zuri na baya, mpaka jicho linazoea na kuacha kuitazama. Hata ikiwekwa Kiswahili, itakwambia "nimefurai" si neno, lakini haitakwambia "ndio" lilitakiwa kuwa "ndiye", kwa sababu yote mawili ni maneno.

Kwa sauti ya mwandishi, njia hii ni salama kuliko zote. Kila kitu cha kijana kimebaki, tochi ya simu na ming'oko, ile mizizi yetu ya kuchemsha, pamoja. Kwa heshima haigusi chochote: kama barua ilikuwa na mazoea ya kupita kiasi, itatoka nayo. Muda ni dakika 5, labda 10 ukiwa na kamusi pembeni.

Udhaifu wake ni kwamba sentensi ndefu inabaki ndefu. Ile ya umeme kukatika ina mambo matano yaliyofungwa kwa mkato mmoja mmoja, na hata kila neno likiwa sahihi, msomaji anafika mwisho akiwa ameishiwa pumzi. Na kuna jambo ambalo jicho la tahajia halilioni kabisa: "ulikuwa unatupa moyo". Kijana alimaanisha kuwapa moyo. Soma tena. Inaweza pia kuwa Somoe alikuwa anatupa moyo, kama mtu anavyotupa ganda la korosho. Hakuna herufi iliyokosewa hapo.

Njia hii inamfaa mtu ambaye rasimu yake imekaa vizuri tayari, au anayemwandikia rafiki wa karibu, au ambaye hataki mkono wa mtu mwingine usikike kabisa.

Njia ya pili: kuiandika upya kiofisi

Mwenzetu wa pili amekaa masjala miaka mingi, na ukimpa chochote kitarudi na "Yah:". Alichoandika ni hiki:

> YAH: PONGEZI KWA KUPANDISHWA CHEO
>
> Ndugu Mkuu wa Kitengo,
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Ninakupongeza kwa dhati kwa kupandishwa cheo kuwa Mkuu wa Kitengo cha Uhasibu, Lindi. Uvumilivu wako katika uhakiki wa stakabadhi msimu wa mwaka juzi, hata umeme ulipokatika, ulitutia moyo sote. Ninakutakia utekelezaji mwema wa majukumu yako mapya.

Tusiicheke, ina mazuri yake. Makosa yameisha yote, na ule utata wa "unatupa moyo" umekufa wenyewe kwa "ulitutia moyo". Kichwa cha habari kinamwambia Somoe barua inahusu nini kabla hajaifungua, jambo ambalo "HONGERA!!!!" kwa herufi kubwa na alama nne za mshangao halifanyi, kwenye orodha ya barua 40 za asubuhi linafanana na tangazo la bahati nasibu. Tena njia hii ilimlazimisha mwandishi kuuliza swali ambalo wengine wawili hatukuuliza: cheo chenyewe ni kipi hasa?

Swali hilo lina uzito. Kupandishwa cheo si sawa na kukaimu. Anayekaimu ameshikishwa kiti, bado hajathibitishwa, na ukimwandikia "Mkuu wa Kitengo" wakati barua yake inasema "Kaimu", unamweka mahali pagumu, hasa kama barua yako itaonwa na yule anayesubiriwa kuamua. Pia wapo wanaohamishwa kituo kwa cheo kilekile, na minong'ono ya korido ikawapandisha. Mwenzetu wa masjala alipiga simu moja, akathibitisha kwamba ni cheo kamili na barua imeshatoka. Kosa la h husameheka mara moja. Kosa la cheo hukumbukwa.

Kwa heshima, basi, njia hii ni imara, na inafaa kabisa barua inapokwenda na nakala kwa wakubwa. Kwa sauti ya mwandishi, hapana. Kijana alipoisoma alisema, "Hii imeandikwa na nani?" Tochi ya simu imetoweka. Usemi wa Somoe mwenyewe kuhusu hesabu umetoweka. "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu" ni sentensi nzuri kwenye jalada, lakini mtu uliyekaa naye sakafuni mkihesabu karatasi hadi saa nne usiku hahitaji kuelekezwa kichwa cha habari. Muda ni kama nusu saa, ukihesabu na ile simu.

Inamfaa anayeandika kwa niaba ya ofisi nzima, au anayempongeza mtu asiyemfahamu kwa karibu, au mkubwa anayempongeza wa chini yake huku barua ikitarajiwa kuingia kwenye faili.

Njia ya tatu: kuinyoosha kwa sikio

Ya tatu ndiyo yangu, kwa hiyo unisome kwa tahadhari. Nilimwambia kijana anisomee barua kwa sauti, polepole, nami nikiwa nimefumba macho. Kila aliposita, nilimwomba aweke alama. Alisita mara tatu: kwenye salamu iliyoungana na habari bila nukta, kwenye ile sentensi ya umeme, na kwenye "unatupa moyo", ambapo alicheka mwenyewe.

Kisha nikamuuliza: katika yote haya, ni kitu gani ambacho mtu mwingine hawezi kumwandikia Somoe? Akataja vitu vitatu bila kufikiri sana. Usiku wa tochi, ule usemi, na ming'oko. Tukakubaliana hivyo vitatu visiguswe ila kwa tahajia. Vingine vyote ni ruhusa kuvisogeza.

Usemi wa Somoe ulihitaji h yake na alama za kunukuu, basi. Mtu wa masjala alitaka uwe "hesabu haiogopwi bali hujiogopa", ambayo huenda ni nadhifu zaidi, lakini Somoe hakusema hivyo. Ukinukuu maneno ya mtu kwenye barua anayoisoma yeye mwenyewe, atajua kama umeyagusa.

"Zikufikie popote ulipo" ilituchukua muda. Ni maneno ya vipindi vya salamu redioni, enzi za kadi za salamu, pale mtumaji alipokuwa hajui msikilizaji yuko shambani au safarini. Somoe yuko Lindi na barua inaingia kwenye sanduku lake; tunajua alipo. Niliona tuyaondoe. Kijana akasema mama yake humaliza kila salamu hivyo, akaomba yabaki. Tukayaondoa mwishowe kwa hiari yake, lakini angeng'ang'ania ningeyaacha, maana si kosa, ni mazoea ya nyumbani.

Barua ikatoka hivi:

> Hongera kwa cheo kipya, dada Somoe
>
> Dada Somoe, habari za huko Lindi?
>
> Nimesikia umepandishwa cheo na kuwa Mkuu wa Kitengo cha Uhasibu. Nimefurahi sana, kwa kweli. Pokea pongezi zangu za dhati.
>
> Naikumbuka ile siku ya msimu wa mwaka juzi umeme ulipokatika, tukahesabu stakabadhi kwa tochi ya simu mpaka saa nne usiku. Sisi wengine tulikuwa tumeshachoka. Wewe ndiye uliyetutia moyo, ukasema, "Hesabu haiogopwi, inaogopa yenyewe." Hapo ndipo nilipojua utafika mbali.
>
> Mungu akuongoze katika majukumu yako mapya. Usitusahau sisi wa Mtwara na ming'oko yetu. Msalimie shemeji na watoto.
>
> Mdogo wako wa dawati la pili

Utaona sentensi ya umeme imekatwa vipande vitatu, na uchovu wa wengine umetangulia ili moyo wa Somoe uje baada yake. Hakuna neno la kitabuni lililoingizwa. "Habari za saa hizi" imegeuka "habari za huko Lindi", kwa kuwa barua pepe haijulikani itasomwa saa ngapi. "Msimu wa juzi" imekuwa "msimu wa mwaka juzi", maana "juzi" peke yake yaweza kusomeka kama siku iliyotangulia jana.

Kwa makosa, njia hii ina shimo moja kubwa ambalo lazima nilikiri. Sikio halisikii h ambayo ulimi wenyewe hauitamki. Kijana alisoma "apo" na mimi nikasikia "hapo", wote wawili tukaridhika. Nililiona tulipoifungua tena kwa macho. Kwa hiyo baada ya kusoma kwa sauti pitisha jicho mara moja zaidi ukitafuta h na dh peke yake: hapo, hata, huyu, hesabu, furahi, dhati, dhamana, ridhika. Usisome maana, tafuta herufi.

Kwa heshima, inategemea mwandishi. "Dada" ilibaki, kwa sababu alikuwa dada kabla ya cheo na angeona ajabu kuitwa "Ndugu Mkuu" na mtu aliyekuwa akimtuma chai. "Usitusahau" ilinitia shaka kidogo: kwa mtu aliyepanda cheo, inaweza kusomeka kama ombi la kukumbukwa kwenye mgao wa nafasi. Ming'oko ndiyo iliyoiokoa. Ukiomba usisahauliwe pamoja na mizizi ya kuchemsha inayouzwa mtaani, kila mtu anajua ni utani. Bila ming'oko ningeshauri iondolewe.

Muda ni kama dakika 20, na inahitaji watu wawili, jambo ambalo wengi hawana saa tisa alasiri. Inamfaa mwenye kumbukumbu ya kweli na anayempongeza lakini sentensi zake zinagongana, na anayeamini mtu wa kumsomea.

Kwa hali yako

Ukiandika kwa mtu mliyefanya kazi pamoja, na barua inakwenda kwake peke yake, chagua kati ya ya kwanza na ya tatu. Kipimo ni pumzi: isome mara moja kwa sauti, na kama hukusita popote, tahajia inatosha.

Kama kuna yeyote kwenye sehemu ya Cc, simama kidogo. "Msalimie shemeji na watoto" ni zuri kwa macho mawili, si kwa macho 20. Na kama mmoja wa hao 10 aliomba nafasi hiyohiyo akaikosa, ile "hapo ndipo nilipojua utafika mbali" itamfikia naye. Hapo chukua ya pili kwa barua ya wote, fupi, kisha mtumie Somoe ya kwako peke yake. Ukiwa unajibu tangazo la uteuzi lililotumwa kwa ofisi nzima, hakikisha kidole hakijagusa "Reply all".

Kama anakaimu, au hujaona barua wala tangazo, usiandike cheo chochote. "Nimesikia habari njema" yatosha kwa sasa, na barua kamili itafuata.

Kama unayempongeza ni mkubwa wako kwa umri, njia yoyote utakayochukua, "shikamoo" itangulie pongezi, hata cheo chake kipya kikiwa kidogo kuliko chako.

Na kama wewe ndiye unayeombwa kusahihisha ya mwenzako, muulize kwanza vitu vyake vitatu visivyoguswa, kabla hujashika kalamu. Kijana wetu alituma barua yake saa kumi kasoro. Jibu lilirudi kesho yake asubuhi, mstari mmoja: "Mdogo wangu, ming'oko ya Lindi haina chumvi."